Yaa ustaadhan, na aibu zangu

Kwa kuwa Bakari ameshairusha ile rekodi kwenye makundi matatu, na kila kundi anaongeza chumvi, acheni nisimulie mwenyewe.

Nahau ya Kiarabu nilikuwa na miezi miwili tu, na mlango wa munaadaa, yaani jina la anayeitwa, tulikuwa tumeufungua wiki ileile. Siku ya kufunga mwaka madrasani nikapewa kumkaribisha mgeni rasmi, ustadhi mzee aliyewasomesha hata waliotusomesha sisi. Wenzangu wakanisihi: "Sema 'Yaa ustaadh', weka kituo, kaa chini." Ukiweka kituo, irabu ya mwisho haisomwi, na hakuna atakayegundua kwamba hujui. Mimi nikataka irabu zangu zisikike!

Kichwani nilikuwa nimebakiwa na jambo moja: asili ya munaadaa ni nasbu, yaani mwishoni fat-ha, irabu "a". Si tunasema "Yaa Rasuula-llaah"? Nikashika maiki, nikamkazia macho mzee:

"Yaa ustaadhan, tafaddhal!"

Mzee hakuinuka. (Mnaocheka, subirini, bado.) Akatazama kulia. Akatazama kushoto. Akageuka na nyuma, kama anamtafuta mtu. Kisha taratibu: "Mwanangu, unaniita mimi, au ustadhi yeyote apitaye njiani?"

Kumbe tanwini ile, hiyo "n" ya mwisho, ni ya yule kipofu wa vitabuni, anayesimama barabarani bila kujua nani yuko karibu: "Yaa rajulan, khudh biyadii", ewe mwanamume, awaye yote, nishike mkono. Mimi macho ninayo mawili, na mzee yuko hatua tatu mbele yangu.

Jasho likanitoka. Nikaona kosa ni ile "n" tu. Nikaitoa, fat-ha nikaiacha:

"Yaa ustaadha..."

Nikakwama hapo hapo. Jamani, kati ya mahali pote pa kukwama! Kimya. Mara, nyuma ya pazia, upande wa kina mama: "Kha! Ustadha gani tena?" Msikiti mzima ukaangua kicheko. Mzee wa watu, ndevu nyeupe hadi kifuani, nimemfanya mwanamke kwa irabu moja.

Na fat-ha ile ingekuwa halali kabisa lau ningeendelea: "Yaa ustaadha-l-madrasati", ewe ustadhi wa madrasa. Jina likiwa mudhafu, limeunganishwa na la pili, ndipo linapata nasbu, kama huyo Rasuula-llaah niliyemfanya dalili ya kila kitu. Lakini uliyemkusudia, ukimwita kwa neno moja, ni dhwamma bila tanwini: "Yaa ustaadhu". Ndivyo hata kwa jina la mtu: "Yaa Zaydu". Haya yote mzee alinifundisha palepale, maiki ikiwa wazi, na Bakari akirekodi.

Pilau nililia karibu na viatu. Mzee kanisamehe. Watoto wa mtaa ndio hawajasamehe: nikipita wanapiga kelele "Yaa rajulan!", wala hawanitaji mimi, na bado nageuka.