Mahindi ya rangi ya chungwa: vitamini iko kwenye punje, ila inafika kwenye sahani?

"Kaka, huku Nachingwea kuna watu wanapita na mbegu ya mahindi ya rangi ya chungwa, wanasema ina vitamini A. Inasaidia watoto kweli au ni biashara ya mbegu tu? Na si ndo zile za kubadilishwa jeni?"

Dada, nianze na la mwisho maana ndo jepesi. Hapana, hazijapandikizwa jeni maabara, ni mahindi yaliyochavushwa na mahindi mengine, kazi ileile ya siku zote, ila hapa watafiti wa mbegu walikuwa wanatafuta kitu ambacho jicho halikioni, na hapo ndo watu wengi wanachanganya, wanadhani ukiona njano basi vitamini ipo.

Mahindi ya njano ya kawaida, yale wazee wetu wanayakumbuka kama unga wa yanga wa miaka ya njaa, rangi yake kwa sehemu kubwa inatoka kwenye luteini na zeaksanthini, na hizo mwili hauwezi kuzigeuza kuwa vitamini A. Kinachogeuka ni betakarotini na ndugu zake wachache. Mmea wenyewe unaitengeneza betakarotini halafu hauiachi, unaendelea nayo unaigeuza kuwa zeaksanthini. Kuna jeni inayofanya hiyo kazi, watafiti wanaiita crtRB1, na 2010 ikaonekana kwamba baadhi ya mahindi ya nchi za baridi yana toleo dhaifu la hiyo jeni, kwa hiyo betakarotini inabaki inajaa kwenye punje. Toleo hilo ni adimu, na kwenye mahindi yetu ya joto halikuwepo. Wakachukua hayo ya baridi wakayachanganya na ya kwetu yanayovumilia magonjwa na ukame, wakarudia kuchanganya vizazi kadhaa, kila kizazi wanapima vinasaba vya mche mdogo kujua nani kabeba toleo dhaifu, wengine wanatupwa, na mwisho punje zinapimwa maabara betakarotini ni kiasi gani hasa. Lengo waliloweka ni maikrogramu 15 kwa kila gramu ya punje. Mbegu za kwanza zilizotoka Zambia 2012 zilikuwa karibu nusu ya hapo. Mahindi ya njano ya kawaida mara nyingi hayafiki 2, na meupe ni kama sifuri.

Sasa swali lako hasa, yanasaidia au la. Zambia wamepima mara mbili kwa uzito wa kutosha na majibu yanaonekana kupingana. Jaribio moja lililotoka 2014, watoto wa miaka 5 mpaka 7 walikula mahindi hayo miezi mitatu, na watafiti walipima akiba yote ya vitamini A mwilini, sio damu tu, ikaonekana imepanda sawa na watoto waliopewa vitamini yenyewe. Jaribio lingine, kubwa zaidi, la wilaya ya Mkushi, majibu yake yalitoka 2016, vitamini A kwenye damu haikusogea. Wanaopinga wanashika hilo la Mkushi, wanaounga mkono wanashika lile la kwanza, na mi naona yote mawili ni ya kweli. Vitamini A inakaa kwenye ini, na ini linaachia damuni kiasi kilekile karibu muda wote mpaka akiba iwe imekaribia kuisha kabisa, kwa hiyo ukipima damu ya mtoto ambaye hana upungufu mkubwa huoni kitu hata kama ini linajaa. Na hukohuko Mkushi, wale watoto waliokuwa na upungufu toka mwanzo, mboni za macho yao zilianza kuitikia vizuri zaidi kwenye mwanga hafifu. Hiyo ndo dalili inayonishawishi mimi, maana kuona gizani ndo kitu cha kwanza kinachoharibika vitamini A ikipungua.

Ila majaribio yale yote yalikuwa na mtu anayesimamia chakula. Kwetu huku kusini mahindi yanavunwa mwezi wa tano, wa sita, yanaingia ghalani, na huko ndo tatizo langu kubwa lilipo. Betakarotini inakufa polepole ikikutana na hewa, joto na mwanga, na Lindi na Mtwara joto na unyevu vyote tunavyo. Inashuka kwa kasi zaidi wiki za mwanzo halafu mwendo unapungua, na mbegu nyingi zinakuwa zimepoteza kama nusu baada ya miezi michache, zingine zaidi ya hapo. Afu kuna kupika, hesabu robo imeenda.

Tufanye hesabu ya mtoto mmoja wa miaka sita, anakula unga gramu 200 kwa siku, ugali na uji humohumo, na mahindi yenye maikrogramu 8 kwa gramu. Shambani hiyo ni 1,600. Akila mara tu baada ya mavuno kabla ghala halijala chake, toa robo ya sufuria inabaki 1,200. Mwili haugeuzi yote, kwa mahindi chukua sehemu sita za betakarotini kutoa moja ya vitamini A (kuna kipimo cha Zimbabwe kilichotoa karibu tatu kwa moja, ila mi napenda kuhesabu kwa tahadhari), anapata 200. Mahitaji ya wastani ya mtoto wa umri huo ni kama 275, kwa hiyo kapata karibu robo tatu, na hiyo ni kutoka kwenye ugali peke yake, jambo kubwa sana. Mahindi yaleyale akiyala mwezi wa kumi, anza na 800, toa robo, 600, gawa kwa sita, 100. Imeshuka mpaka kama theluthi na kidogo. Bado ni 100 zaidi ya mahindi meupe, lakini sio kile alichoambiwa mama kwenye mkutano.

Na sasa angalia kalenda yetu. Maembe huku yanaanza kushuka mwezi wa kumi na moja mpaka wa kwanza, na embe lina betakarotini ya kutosha. Mboga za majani zinajaa mvua zikishika. Pengo la watoto wetu liko katikati, kuanzia mwezi wa saba mpaka wa kumi, embe hakuna, mchicha wa shambani umekauka, na hapo ndo mahindi haya yana nguvu yake kubwa. Kwa hiyo mi siyaoni kama chakula cha mwaka mzima, nayaona kama chakula cha miezi mitatu minne baada ya mavuno. Ukiyapanga hivyo hesabu inakuwa ndogo kabisa, gramu 200 mara siku 90 ni kilo 18, yaani debe moja kwa mtoto. Huhitaji kugeuza shamba zima. Panda kipande, weka debe za watoto pembeni, zile zianze kuliwa kwanza, meupe yasubiri. Wengi wanafanya kinyume, yale mazuri wanayatunza mpaka mwisho, na hapo wanatunza rangi iliyopauka.

Kuna jambo la jikoni pia. Kukoboa sio tatizo, betakarotini ya mahindi iko kwenye sehemu ngumu ya punje ambayo mashine inaiacha, sembe yake inabaki na rangi. Tatizo ni ule utaratibu wetu wa kuloweka mahindi yaliyokobolewa halafu kuanika juani kabla ya kusaga, pale jua linapiga kitu kilichovuliwa ganda. Anika kivulini penye upepo. Na usisage gunia zima, unga unapoteza haraka kuliko punje, saga wa wiki moja. Ugali wenyewe uliwe na kisamvu cha nazi au karanga, bila mafuta kidogo betakarotini hainyonywi vizuri.

Hoja ya wanaosema ni biashara ya mbegu nayo ina uzito wake na siwezi kuipuuza. Nyingi ni haibridi, ukirudia punje za mwaka jana mazao yanashuka na watoto wake hawafanani. Lakini hata mwaka wa kwanza kuna jirani. Chavua ya mahindi meupe inasafiri, na punje ya hindi inarithi kutoka pande zote mbili, mama anatoa sehemu mbili na baba moja. Chavua nyeupe ikiangukia hindi lako inaleta jeni ile yenye nguvu inayomalizia betakarotini, punje inaweza kubaki ya njano ukadhani uko salama kumbe vitamini imepungua. Dalili utaiona: gunzi moja lina punje za chungwa iliyokolea zimechanganyika na za njano hafifu. Kwa jirani utaona kinyume chake, punje za njano zimetawanyika kwenye hindi jeupe. Dada yangu alipanda robo eka katikati ya mashamba meupe na kingo zote zilitoka hivyo, katikati kulikuwa afadhali. Tangu hapo mahindi ya watoto anachukua katikati, ya kingoni anauza au kuku wanakula. Ukiweza kupanda wiki tatu nne tofauti na jirani ni vizuri zaidi, ila kwa mvua zetu sio kila mwaka unaweza.

Maharage yaliyoongezwa madini ya chuma kwa kuchavushwa hivyohivyo nayo wengi wananiuliza, niseme kifupi. Rwanda walijaribu kwa wanafunzi wa kike wa chuo siku 128, na damu yao iliongezeka kweli. Shida ni kwamba chuma kikipanda kwenye haragwe, fitati inayokizuia kisinyonywe huwa inapanda nacho, na walipozalisha maharage yenye fitati kidogo yakawa magumu kuiva na yakawasumbua tumbo waliokula. Na kwetu maharage hayapendi joto la pwani, tunayapata kwa lori kutoka nyanda za juu, sisi tunalima mbaazi, kunde na choroko. Kwa hiyo kwa Nachingwea hilo sio la kulitangulizia hela.

Nisichokubaliana nacho ni kuyapeleka mahindi haya Newala au Tandahimba kwenye nyumba ambazo ugali ni wa muhogo siku tano kati ya saba. Pale ile hesabu ya gramu 200 inavunjika, mtoto anapata ya siku mbili tu kwa wiki. Na watoto chini ya miaka mitano wana matone ya vitamini A mwezi wa sita na wa kumi na mbili, hao usiwaache matone kwa sababu umepanda mahindi. Ninaowafikiria mimi ni wale waliovuka mitano, wako darasa la kwanza mpaka la nne, matone yameisha na embe bado halijaiva. Kwa hao, kama nyumbani kwako kila siku ni ugali wa mahindi, nunua mbegu kilo mbili, panda kipande cha katikati ya shamba, na mwezi wa kumi toa punje kiganjani uzilinganishe na za gunzi moja ulilolitenga siku ya kuvuna, ukalifunga kwenye karatasi nyeusi mahali pa baridi. Zikiwa zimepauka sana kuliko hizo, mwakani watoto waanze kula mapema zaidi.