Kipengele cha mkataba cha kurekebisha bei kinamlinda nani shilingi inapoyumba?

Mwishoni mwa Januari 2024 dola moja ilikuwa ikinunuliwa kwa karibu shilingi 160 za Kenya. Miezi miwili baadaye ilikuwa imeteremka hadi 130 na ushei, baada ya serikali kupata mkopo mpya na kulipa sehemu kubwa ya deni la dola la Yurobondi lililotakiwa kulipwa Juni mwaka huo. Waliokuwa na mikataba ya kununua bidhaa kwa miaka miwili au mitatu walipimwa mara mbili. Kwanza shilingi ilipoanguka, kisha ilipoinuka, na jaribio la pili ndilo lililofichua mikataba iliyoandikwa kwa kuegemea upande mmoja.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kampuni ya juisi inanunua chupa tupu za plastiki kutoka kiwanda cha Nairobi, chupa 500,000 kwa mwezi, kwa shilingi 20 kila moja. Mkataba wa miaka mitatu ulitiwa saini Januari 2023, dola ikiwa takriban shilingi 124. Punje za plastiki zinazoyeyushwa kutengeneza chupa hizo huagizwa kutoka nje na hulipiwa kwa dola. Umeme, mishahara na usafiri hulipiwa kwa shilingi.

Njia rahisi ni kufunga bei kwa miaka yote mitatu. Mnunuzi huipenda kwa sababu anajua atakacholipa, na duka kubwa linalonunua juisi yake halitakubali kumlipa zaidi kila dola inapopanda. Lakini mwenye kiwanda si mjinga. Ataiweka hofu yake ndani ya bei tangu siku ya kwanza, aseme 22 badala ya 20, na mnunuzi atailipia hofu hiyo hata kama dola haitasogea. Na dola ikisogea kuliko alivyokisia, kiwanda kitaanza kujiokoa kimyakimya. Chupa iliyokubaliwa kuwa ya gramu 24 itakuja ikiwa na 22, na mnunuzi atagundua pale chupa zinapobonyea zikipangwa ghalani. Mwenye mizani ndogo kwenye mlango wa kupokelea mzigo huliona hilo mapema kuliko mwanasheria wake.

Njia ya pili ni kuifunga bei nzima kwenye dola. Hapo kiwanda kinalala usingizi mnono. Dola ilipofika 160, ilikuwa imepanda kwa asilimia 29 kutoka 124, na chupa ya shilingi 20 ikawa ya 25.80. Tatizo ni kwamba mishahara ya wafanyakazi wa kiwanda haikupanda kwa asilimia 29, wala kodi ya jengo. Mnunuzi amelipia ongezeko la gharama ambalo kwa sehemu halikutokea.

Ndipo inapokuja fomula. Wahusika wanakubaliana chupa imeundwa na nini: tuseme nusu ya bei ni plastiki ghafi, asilimia 15 umeme, asilimia 15 mishahara na gharama nyingine za ndani, na asilimia 20 inayobaki haiguswi kabisa, iwe mvua iwe jua. Hiyo sehemu isiyoguswa ni faida ya kiwanda na gharama zake za kudumu. Dola peke yake ikisogea, ni ile nusu tu inayorekebishwa. Kwa hiyo ongezeko la asilimia 29 linageuka kuwa asilimia 14.5, na chupa inafika 22.90. Tofauti yake na 25.80 ni shilingi 2.90, ambazo kwa chupa nusu milioni ni shilingi 1,450,000 kila mwezi. Hesabu hii ndogo ndiyo inayostahili mjadala mrefu mezani, kwa sababu kiwanda kitataka kudai plastiki ni asilimia 65 na mnunuzi hana vitabu vyake vya hesabu.

Wapo wanaopinga fomula, na hoja yao ina uzito. Wanasema kiwanda kinachojua kuwa gharama itapitishwa kwa mnunuzi hakina haraka ya kutafuta plastiki ya bei nafuu au kununua dola mapema. Wakenya wanaijua hali hiyo kupitia bili ya umeme, ambako gharama ya mafuta na marekebisho ya fedha za kigeni huja kama mistari yake yenyewe na mteja hana la kufanya ila kulipa. Ile sehemu isiyoguswa inapunguza ulegevu huo, ila haiuondoi.

Hoja nyingine haisemwi sana, nayo kwangu ndiyo hatari zaidi: kuhesabu jambo moja mara mbili. Mikataba mingi huandika kwamba bei itapanda kulingana na dola, halafu mstari unaofuata unasema itapanda pia kulingana na mfumuko wa bei unaotangazwa na Shirika la Takwimu la KNBS. Mfumuko huo tayari una dola ndani yake, kupitia petroli na vitu vinavyoagizwa. Isitoshe, takriban theluthi moja ya kapu linalopimwa ni chakula. Mfumuko ulipofika asilimia 9.6 Oktoba 2022, chakula kilikuwa sababu kubwa, na chupa ya plastiki haitengenezwi kwa unga. Fahirisi ya mfumuko ifungwe kwenye ile sehemu ya mishahara na gharama za ndani, basi. Vivyo hivyo, plastiki ghafi ina bei yake ya dola kwenye soko la dunia. Bei hiyo inaweza kushuka wakati shilingi inaanguka, na kipengele kinachotazama dola peke yake kitamlipa muuzaji kwa hasara ambayo hakuipata.

Turudi kwenye jaribio la pili. Dola ikiteremka hadi 130, fomula ileile inatoa shilingi 20.48. Lakini kama mkataba unasema bei “itaongezwa” endapo dola itapanda, na haujasema itapunguzwa, chupa inabaki 22.90. Hiyo ni shilingi 2.42 kwa kila chupa, au 1,210,000 kwa mwezi, kwa sababu ya kitenzi kimoja.

Hata hivyo kiwanda kina utetezi wa haki hapa. Plastiki aliyokuwa nayo ghalani Machi aliinunua dola ikiwa 160, na akishushiwa bei papo hapo anauza kwa hasara. Dawa yake ni kutumia wastani wa dola wa miezi mitatu iliyopita na kurekebisha bei kila robo mwaka, ili bei ifuate shehena iliyokwisha kulipiwa. Ucheleweshaji huo lazima uwe sawa wakati wa kupanda na wakati wa kushuka. Muuzaji anayetaka siku saba kwa kupandisha na miezi mitatu kwa kushusha anaomba zawadi.

Liko pia suala la dola ipi. Mapema 2023, kiwango cha Benki Kuu kilikuwa chini ya kile ambacho viwanda vilitozwa na benki zao, pale dola zilipopatikana. Mkataba uliotaja “kiwango cha soko” bila kusema cha nani uliacha mlango wazi. Nionavyo, ni afadhali kiwango cha Benki Kuu, kwa sababu pande zote mbili wanaweza kukisoma bila kuombana risiti, na kama pengo linatarajiwa, waandike nyongeza ya asilimia maalumu tangu mwanzo.

Hakuna fomula inayobeba kila kitu. Kwa hiyo weka kizingiti cha chini, kwa mfano asilimia 3, ambacho bei ya chupa isipokivuka haiguswi, na useme wazi kama kikivukwa kinarekebishwa kiasi chote au kile kilichozidi tu. Weka pia dari, tuseme asilimia 15, ambapo fomula inasimama na watu wanakaa mezani. Katika mfano wetu, kiwanda kingefika 14.5 bila kuita kikao.