"Nisalimie Shemeji": Kumuuliza Mwenyewe au Kuulizia Pembeni?

Kuna salamu moja ambayo Dar es Salaam inafanya kazi kuliko pete: "Nisalimie shemeji." Aliyeitamka hajatongoza wala hajauliza kitu, ametuma salamu tu. Akijibiwa "zimefika", anajua pa kuishia. Akijibiwa "shemeji gani tena?", moyo unachangamka. Wapo wanaoiona kuwa ndiyo njia ya kistaarabu kuliko zote ya kujua kama mtu ana wake. Wapo wanaosema ni woga tu, na kwamba mtu mzima huuliza waziwazi. Mimi naona kila upande umeshika nusu ya jambo.

Tumchukue kijana wa mfano, mhasibu kwenye duka la jumla pale Kariakoo, aliyevutiwa na dada anayeuza duka la dawa la jirani. Hana pete kidoleni. Wateja wanamwita Mama Khalid. Jioni anafuatwa na bodaboda yuleyule kila siku. Kijana akikaa na alama hizi tatu atajipa jibu analolitaka, maana hakuna hata moja inayosema kitu kimoja. Waislamu wengi waliooa na kuolewa hawavai pete, na wapo wasioolewa waliojinunulia pete ili wasumbufu wawapishe. Jina la Mama Khalid linathibitisha kuna mtoto, halithibitishi kuna mume. Bodaboda anaweza kuwa mume, mdogo wake, au dereva anayelipwa mwisho wa mwezi.

Ndipo hoja ya kuulizia pembeni inapopata nguvu. Mke wa mtu akiulizwa uso kwa uso anaweza kuona amevunjiwa heshima, na habari ikifika nyumbani, anayehojiwa ni yeye, si aliyeuliza. Kwa mwanamke aliyempenda mwanamume mambo ni magumu zaidi. Akimuuliza mwenyewe, kesho ataambiwa anajirahisisha, ilhali shangazi au rafiki anaweza kuulizia kwa mzaha na hakuna atakayemnyooshea kidole. Zaidi ya hapo, mwenye ndoa anayetafuta mchepuko hana sababu ya kusema kweli. Jirani yake hana sababu ya kudanganya.

Sheria nayo inaegemea upande huo kidogo. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 72, inamruhusu mume au mke kumdai fidia mtu aliyezini na mwenzi wake. Dai hilo hutupwa iwapo mdaiwa atairidhisha mahakama kwamba hakujua, na hata kwa jitihada za kawaida asingeweza kujua, kwamba yule mtu ana ndoa. Kwa hiyo "sikujua" peke yake haitoshi; utaulizwa ulifanya nini ili ujue. Kifungu cha 160 cha sheria hiyohiyo kinakwenda mbali zaidi: watu walioishi pamoja miaka 2 au zaidi na jamii ikawatambua kama mume na mke, wanadhaniwa kuwa na ndoa hadi ithibitishwe vinginevyo. Mtu anaweza kukuambia kwa dhati kabisa "hatujafunga", huku mtaa mzima unamjua mkewe.

Lakini kuulizia pembeni kuna gharama ambayo watetezi wake hawaihesabu. Kijana wetu akimuuliza msaidizi wa duka la dawa saa nne asubuhi, hadi adhuhuri Mama Khalid anajua, na pengine wauza mitumba wa mtaa wa pili nao wanajua. Akiuliza watu watatu, ametangaza. Aliyeulizwa naye si lazima awe mwamuzi mwema: huenda anamtaka huyohuyo dada, au ana kinyongo naye. Tena majirani wanajua ndoa, hawajui mapenzi. Uchumba uliojificha au mtu aliyeko Mwanza anayepiga simu kila usiku, hayo anayajua mwenyewe. Halafu kuna hisia ya kuchunguzwa. Kuona picha alizoweka hadharani kwenye simu ni jambo moja. Kushuka hadi picha za miaka mitatu nyuma na kumwandikia binamu yake ni upelelezi, na akigundua, hata kama yuko peke yake, umeshamkosa.

Hukumu yangu ni kwamba swali la ndoa na swali la mahusiano yasipelekwe kwa mtu mmoja. La ndoa unaweza kuulizia, tena kwa mtu mmoja tu anayemjua nyumbani kwao, si wa kazini, na mara moja. La mahusiano muulize mwenyewe. Salamu ya shemeji inakaa katikati, nayo isibebeshwe mzigo usio wake. Wanawake wengi hujibu "zimefika" ili tu mazungumzo yaishe, na "shemeji gani?" inaweza kuwa utani wa mtu mwenye mume na watoto watatu. Inakuonyesha kama mlango uko wazi kwa swali la pili, basi.

Swali hilo la pili lina mahali pake. Si mbele ya wateja, wala wakati yeye amesimama nyuma ya kaunta na hawezi kuondoka, wala kwa ujumbe wa saa sita usiku ambao mwingine anaweza kuusoma. Kijana amngoje anapofunga duka, amsalimu kama siku zote, kisha aseme: "Dada, naomba nikuulize jambo, na kama halinihusu niambie tu. Una mtu? Nauliza kwa sababu ningependa tukanywe chai siku moja, na sitaki kumkosea mwenzako." Wapinzani watasema hapo tayari ameonyesha nia kabla ya kujua. Ni kweli, ila ameonyesha nia ndogo ambayo dada anaweza kuikataa bila yeyote kuaibika. Na ameeleza sababu ya kuuliza, jambo ambalo mwenye kuuliza kwa hila hawezi kulifanya.

Akijibu "nina mtu", yameisha, hata kama hana. Jibu hilo linatosha, wala halihitaji "mna muda gani?" Akisema yuko peke yake na jirani hakusema tofauti, chai ipo.

Jibu gumu ni "tumeachana", na hapo wengi hukosea kwa kushangilia mapema. Kama ni Mwislamu, uliza kwa upole kama eda imekwisha. Talaka ikiwa ya rejea, mume ana haki ya kumrudia ndani ya eda, na kumposa waziwazi mwanamke aliye edani hakuruhusiwi. Kama walifunga ndoa ya Kikatoliki, kutengana hakukuivunja mbele ya Kanisa. Atakayetaka kuoa tena kanisani ataombwa cheti kipya cha ubatizo, na ndoa ya kwanza huwa imeandikwa kwenye daftari la parokia alikobatizwa. Kiserikali, ndoa iliyofungwa Bara haivunjwi na maneno wala na mtu kuhama nyumba. Hata talaka ya Kiislamu, baada ya kupita baraza la usuluhishi, inahitaji amri ya mahakama. Mama Khalid anaweza kuwa ameachika kwa moyo wake wote na bado akawa mke wa mtu kwenye karatasi, bila kumdanganya yeyote. Kwa chai hilo si kikwazo. Kwa posa ni kikwazo, na kijana afadhali alijue kabla hajamtuma mshenga.