Siku 183 hazitoshi: muuguzi wa Leicester mwenye nyumba Chumbageni

Kwenye baraza nyingi za Tanga, na hata huku Leicester ninakoishi, watu wanaosafiri huku na huku kwa mwaka mmoja wanaamini jambo moja kuhusu kodi: ukikaa nchini chini ya siku 183, nchi hiyo haina dai lolote kwa mapato yako ya nje. Imani hiyo ina chembe ya ukweli, kwa sababu idadi hiyo imo katika sheria za nchi zote mbili, Tanzania na Uingereza, lakini katika nchi zote mbili ni mlango mmoja tu kati ya milango kadhaa. Aliyeukwepa huo anaweza akawa ameshaingia kwa mwingine bila kujua. Nimeishi chini ya sheria zote mbili, na maoni yangu, ambayo najua hayatawapendeza wote, ni kwamba sheria ya Uingereza, pamoja na urefu wake wa kuchosha, inamtendea haki msafiri kuliko ile fupi ya kwetu.

Tumchukue muuguzi mzaliwa wa Tanga ambaye ameishi Leicester kwa miaka mingi. Watoto wake ni watu wazima, na mumewe amesharudi kuishi katika nyumba yao ya Chumbageni, Tanga. Yeye hufanya shifti mbili tu kwa wiki, kila moja saa kumi na mbili, na amepanga chumba ambacho huendelea kukilipia hata akiwa safarini. Mwaka 2025 alikuwa Uingereza tangu Januari, akaondoka jioni ya tarehe 31 Julai, kesho yake akawa Tanzania, na huko akakaa hadi Aprili 2026 ilipokwisha.

Uingereza huhesabu mwaka wa kodi kuanzia tarehe 6 Aprili hadi tarehe 5 Aprili ya mwaka unaofuata, na tangu 2013 kipimo chake cha ukaazi, yaani cha kuamua nani atozwe hata kwa mapato yake ya nje, kimeandikwa chote katika sheria. Siku huhesabiwa kwa saa sita usiku: ukiwa ndani ya nchi saa hiyo, siku imehesabiwa, na kwa kawaida ukiwa umeshaondoka haihesabiwi, hata kama ulishinda nchini tangu asubuhi. Kwa hiyo muuguzi wetu ana usiku 25 wa Aprili, 31 wa Mei, 30 wa Juni na 30 wa Julai, kwa sababu usiku wa tarehe 31 alikuwa angani. Jumla ni 116.

Angefika 183 mambo yangekwisha hapo, angekuwa mkaazi. Angekuwa na chini ya siku 16, mambo pia yangekwisha, asingekuwa mkaazi. Vipo vipimo vingine viwili vinavyomaliza shauri mara moja, cha mtu mwenye kazi ya muda wote na cha mtu ambaye makazi yake ni ya nchi moja tu, lakini havimgusi huyu mwenye shifti mbili na nyumba mbili. Kwa aliye katikati, sheria inauliza ana mafungamano mangapi na nchi, na kadiri siku zinavyoongezeka ndivyo mafungamano machache yanavyotosha kumfanya mkaazi. Kwa mtu aliyekuwa mkaazi katika mwaka wowote kati ya mitatu iliyotangulia, siku 46 hadi 90 zinahitaji mafungamano matatu, siku 91 hadi 120 zinahitaji mawili, na zikizidi 120 moja latosha.

Mafungamano yenyewe ni matano. La kwanza ni familia, yaani mwenza au mtoto mdogo aliye mkaazi wa Uingereza; huyu hana, maana mume yuko Tanga na watoto wamekua. La pili ni malazi, na hapa kile chumba chake kinamfunga, kwa kuwa kilikuwa tayari kwa ajili yake kwa siku zaidi ya 91 mfululizo na alilala humo. La tatu ni kazi, ambalo hutimia kwa siku 40 za kazi ya zaidi ya saa tatu. Shifti zake katika majuma hayo kumi na sita na kitu hazizidi 34, basi amepona. La nne ni kuwahi kukaa zaidi ya siku 90 katika mmojawapo wa miaka miwili iliyopita, na hilo analo bila ubishi. La tano linauliza ni nchi gani aliyolala siku nyingi kuliko nyingine zote mwaka huo, na jibu ni Tanzania. Ana mafungamano mawili na siku 116, kwa hiyo ni mkaazi wa Uingereza kwa mwaka 2025/26, na kodi ya pango anayokusanya kwa vyumba viwili vya uani kule Chumbageni inapaswa kutajwa huku pia.

Kinachonivutia ni kwamba matokeo hayo yangeweza kujulikana mapema, mezani, kwa kalamu na kalenda. Kama angepanda ndege tarehe 5 Julai badala ya 31, angekuwa na usiku 90 kamili, mafungamano mawili yasingetosha, na asingekuwa mkaazi. Mshahara wake wa Uingereza ungetozwa kodi huko vilevile, maana ulipatikana huko, lakini kodi ya pango ya Tanga isingewahusu Waingereza.

Tuvuke sasa upande wa nyumbani. Mwaka wa mapato wa Tanzania ni wa kalenda, Januari hadi Desemba, na kuanzia tarehe 1 Agosti hadi mwisho wa 2025 muuguzi wetu alikaa siku 153. Chini ya 183, kama baraza linavyotaka. Lakini kifungu cha 66 cha Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 hakianzi na 183. Kinaanza na mtu mwenye makazi ya kudumu katika Jamhuri ya Muungano ambaye alikuwepo nchini kwa sehemu yoyote ya mwaka huo. Sehemu yoyote! Mwenye nyumba Chumbageni, mumewe yumo ndani, hahitaji hata siku 153. Angekuja kwa Idi peke yake, wiki mbili, na kwa maneno ya kifungu hicho angekuwa mkaazi. Uraia hauulizwi kabisa, kwa hiyo hata aliyechukua pasipoti ya Uingereza na kupoteza ya kwetu bado anapimwa kwa kipimo hicho hicho.

Na hata asiye na nyumba hajasalimika kwa kukwepa 183. Mchukue nduguye ambaye akija hufikia kwa dada yake Pangani, na ambaye alikaa siku 130 mwaka 2023, siku 110 mwaka 2024 na siku 140 mwaka 2025. Hakuna mwaka hata mmoja uliofika 183. Lakini kifungu kinachukua mwaka husika na miwili iliyoutangulia, kinatafuta wastani, na wastani ukizidi siku 122 mtu ni mkaazi. Hapa jumla ni 380, wastani ni karibu 127, na kwa mwaka 2025 ameingia. Njia rahisi ya kujikagua ni kujumlisha miaka mitatu: ikizidi 366, amenaswa. Wanaopitia Horohoro kwenda kupanda ndege Mombasa wakumbuke pia kwamba Kenya ina kipimo kinachofanana sana na hiki, chenye 183 na 122 zile zile.

Ukaazi wa Tanzania una uzito wake, kwa sababu mkaazi hutozwa kwa mapato yake ya dunia nzima. Upo msamaha kwa mtu ambaye maishani mwake mote amekuwa mkaazi kwa jumla ya miaka miwili au pungufu; huyo hutozwa kwa mapato ya Tanzania tu. Msamaha huo unamfaa mgeni anayekuja kufanya kazi kwa mkataba. Aliyezaliwa Ngamiani na kusoma hapo hadi ukubwani aliimaliza miaka yake miwili zamani, kwa hiyo mwenyeji anayerudi anabanwa pale mgeni anapoachiwa, na sijawahi kusikia hoja ya kunishawishi kwamba hilo ni sawa.

Muuguzi wetu, basi, ni mkaazi wa nchi mbili. Angekuwa anaishi Uswidi, Norwe, Denmaki, Ufini, Italia au Kanada, ungekuwepo mkataba kati ya nchi hiyo na Tanzania wa kuamua yeye ni wa wapi: kwanza huulizwa makazi ya kudumu yako wapi, yakiwa pande zote mbili huulizwa maisha yake yameelemea wapi, kisha mahali anapokaa kwa mazoea, na uraia huja baadaye. Kati ya Uingereza na Tanzania mkataba wa namna hiyo haupo. Kilichobaki ni kila nchi kumpunguzia kodi aliyokwisha kulipa kwa nyingine, kwa mujibu wa sheria yake yenyewe. Tanzania humkatia kodi ya Uingereza iliyolipwa kwa mshahara ule, lakini si zaidi ya kodi ambayo mapato hayo yangetozwa Tanzania, na ni lazima aidai kwa vielelezo.

Hapo ndipo miaka miwili isiyolingana inaposumbua. Mshahara wake wa Januari hadi Julai 2025 umegawanyika katika hati mbili za P60, yaani hati ya mwajiri ya jumla ya mshahara na kodi ya mwaka, kwa sababu ule wa kabla ya tarehe 6 Aprili ni wa mwaka wa kodi wa 2024/25, wakati ritani ya Tanzania inautaka wote pamoja, na inatakiwa kufikia mwisho wa Juni 2026. P60 pekee haitoshi. Anahitaji hati za mshahara za kila mwezi, zinazoonyesha kodi iliyokatwa.

Jamaa zetu wa Maskati wana hali tofauti, na pengine mbaya zaidi. Omani haitozi kodi kwenye mshahara hadi Januari 2028, ambapo itaanza kutoza asilimia 5 kwa mapato yanayozidi rial 42,000 kwa mwaka. Mwenye nyumba Tanga anayekuja likizo kutoka huko hana kodi ya nje ya kukatiwa, kwa hiyo yale maneno “sehemu yoyote” ya kifungu kile yakisimamiwa neno kwa neno, mshahara wake mzima uko wazi mbele ya kodi ya Tanzania.

Ndiyo maana nalalamikia ufupi wa sheria yetu. Kifungu hakielezi makazi ya kudumu ni nini: kama nyumba iliyopangishwa kwa watu wengine ni makazi yako, kama chumba katika nyumba ya urithi ya familia kinahesabika, kama jengo lisiloezekwa kule Sahare linakufanya mkaazi. Ningependa maneno hayo yapewe tafsiri, na yaambatane na idadi ya chini ya siku, hata ikiwa ni 30 tu, ili anayekuja kuzika au kuoza asiwekwe kundi moja na anayeishi hapo.

Kwa sasa ushahidi wa siku ni mzigo wa msafiri mwenyewe. Tanzania hugonga muhuri unapoingia na unapotoka, lakini Uingereza haigongi muhuri wa kutoka, na wengi wetu huingia kwa mageti ya kielektroniki yasiyogonga chochote. Tiketi, kadi za kupandia ndege na shajara ya kila usiku uliolala wapi vihifadhiwe kwa miaka, kwa sababu vipimo vya pande zote mbili vinatazama nyuma: Tanzania miaka miwili kabla ya huu, Uingereza hadi mitatu.