Simu ya Shida Haina Shikamoo

Mwaka jana mpwa wangu wa miaka minane alinipigia kwa simu ya bibi yake. Alianza na "Shikamoo mjomba", nami kwa mazoea nikaitikia, nikamuuliza hali, nikauliza habari za shule, naye akajibu kila swali kwa adabu aliyofundishwa, mpaka alipofika kwenye "Mjomba, bibi…" simu ikakatika. Nilipopiga, namba haikupatikana. Chaji ilikuwa imekwisha. Bibi alikuwa ameteleza bafuni na ameshindwa kusimama. Mtoto hakuwa na kosa, kwani sekunde zile nilizila mimi.

Ndiyo maana nasema mtoto aruhusiwe waziwazi kuruka salamu anapopiga simu ya shida, na ruhusa hiyo aipate kwa mkubwa, maana peke yake hatathubutu. Aanze na jina lake, wala si "ni mimi", kwa sababu huenda ameazima simu ya jirani na sauti imebadilika kwa kilio.

Penye kazi kubwa ni mahali. "Nyumbani" au "nyuma ya msikiti" hunitosha mimi ninayepajua, lakini anayepokea 114, namba ya Zimamoto na Uokoaji, anahitaji mkoa, kata na mtaa kwanza, ndipo alama ya karibu. Vibao vya anwani za makazi vilivyobandikwa mwaka 2022 vinasaidia pale ambapo bado vipo. Wa kwetu tulimsomesha kila alipoingia getini, jina la mtaa na namba ya nyumba, hadi akakariri.

Kuhusu shida, "bibi anaumwa" haina msaada mkubwa. Aseme anachokiona: "Bibi ameanguka bafuni, anaongea, hawezi kusimama." Hilo neno "anaongea" peke yake lingebadilisha nitakachofanya.

Wapo wanaotaka mahali patangulie jina, na hoja yao ina nguvu, kwa kuwa likipita neno moja tu, heri liwe mahali. Hata hivyo, kwa mtoto mdogo naanza na jina, kwa sababu hulitamka bila kufikiri na kinywa kikishafunguka mengine hufuata.

Mazoezi tunayafanya kwa simu iliyozimwa. Nahesabu kimyakimya hadi kumi, kisha natamka "imekatika!" Mara ya kwanza nilimkuta bado yuko kwenye jina la ukoo, akacheka sana, baada ya siku kadhaa alimaliza nikiwa kwenye nane.

Jambo moja tulilisahau mwanzoni. Simu ilipokatika, wote wawili tulipiga kwa pamoja, kila mmoja akakuta ya mwenzake inatumika. Sasa tumekubaliana kwamba mkubwa ndiye anayepiga tena, mtoto anashika simu mkononi bila kubonyeza chochote na kuhesabu hadi mia moja, na isipoita ndipo anapiga yeye.