Ripoti ya damu yenye L tatu na H moja: kuieleza kunaishia wapi?

"Nilipimwa damu kwa ajili ya kazi mpya hapa Nairobi. Mimi ni mwanamke wa miaka 29, siumwi popote. Ripoti imekuja na L kwenye WBC na nutrofili, halafu H kwenye limfositi. Rafiki yangu aliyesomea uuguzi ameniambia kinga yangu imeshuka, na tangu hapo silali. Daktari nitamwona wiki ijayo. Naomba mnieleze ripoti inasema nini, kwa Kiswahili cha kawaida."

Dada, hemogramu yako ina mistari zaidi ya 20, lakini inayokunyima usingizi ni michache. Nimeinakili kama ilivyochapwa, na mipaka ya maabara ikiwa pembeni; L ni chini ya mpaka, H ni juu yake:

```
WBC    3.6   L   4.0-10.0
NEU#   1.30  L   2.0-7.0
NEU%   36    L   50-70
LYM#   1.87      0.8-4.0
LYM%   52    H   20-40
```

WBC ni jumla ya seli nyeupe za damu. Katika maikrolita moja ya damu, ambayo ni ndogo hata kuliko tone, mashine imehesabu seli 3,600 hivi, na mpaka wa chini uliochapwa ni 4,000. Nutrofili na limfositi ni aina mbili za seli hizo nyeupe. Alama ya # ni idadi yenyewe, na % ni sehemu ya jumla. Nutrofili zako ni 1,300 hivi, mpaka ukiwa 2,000. Limfositi ni 1,870 hivi, nazo zimo ndani ya mipaka. Hemoglobini na plateleti hazina herufi yoyote.

Mtu mkali wa kazi hii ya kueleza ripoti angeweka kalamu chini hapo. Nimefanya kazi na watu wa aina hiyo maabara, na siwadharau. Hoja yao ni kwamba karatasi imesema idadi na mpaka, na chochote unachoongeza kimetoka kichwani mwako. Humjui mgonjwa, hujamshika mkono, hujui amemeza dawa gani juzi. Anayeeleza ripoti akianza kusema "huenda" ameshavaa koti la daktari bila kuulizwa.

Tatizo ni kwamba ukisimama hapo kabisa, hata yale ambayo ripoti yenyewe imesema utakuwa hujayasema. Chukua ile H. Ukimwambia mtu "limfositi zako ziko juu", umesoma herufi ipasavyo lakini umempa picha isiyo kweli, kwa sababu mstari wa LYM# uko hapo juu yake na hauna herufi. Limfositi zake hazijaongezeka kupita mpaka. Kilichobadilika ni mgao. Piga hesabu: seli nyingine zote zibaki zilivyo, ila nutrofili ziwe 3,000 badala ya 1,300. Jumla inafika kama 5,300, na limfositi zilezile 1,870 zinakuwa asilimia 35, ndani kabisa ya mipaka. H inapotea bila limfositi hata moja kuondoka. Kwa hiyo H na L za nutrofili ni habari moja iliyochapwa mara kadhaa. Hata L ya WBC inatoka hapohapo, kwa kuwa nutrofili zikiwa chache jumla nayo inashuka. Mtu anaona herufi nne anadhani ana matatizo manne.

Hilo si utambuzi wa ugonjwa. Ni kusoma mistari miwili kwa pamoja, na yeyote anayeeleza hemogramu ambaye hataki kulisema anajificha nyuma ya uangalifu.

Sasa tuje kwa rafiki yako. "Kinga imeshuka" si tafsiri rahisi ya NEU# 1.30. Ni hitimisho, tena hapa Nairobi kila mtu anajua mawazo yanakokimbilia akiambiwa hivyo. Hemogramu haipimi virusi vya UKIMWI. Haipimi CD4 pia. Hizo ni kundi moja ndani ya limfositi, na huhesabiwa kwa kipimo kingine kinachoagizwa peke yake. Ripoti hii haijataja lolote kuhusu hayo, si kwa ubaya wala kwa uzuri. Hata neno "imeshuka" lina kasoro: ili kitu kishuke lazima kiwe kilikuwa juu, na karatasi moja ya siku moja haiwezi kujua nutrofili zako zilikuwa ngapi mwaka jana.

Lakini upande wa pili, wale wanaotaka mgonjwa aelezwe zaidi, nao wana hoja nzito, na hapa ndipo mjadala unaponoga. Wanauliza: huo mpaka wa 2.0 umetoka wapi? Kwa kawaida mpaka wa rejea hupatikana kwa kupima watu wenye afya, kisha kuchukua asilimia 95 walio katikati. Maana yake, katika kila mstari, mtu mmoja mwenye afya kati ya 20 huangukia nje kwa sababu tu ya jinsi mpaka ulivyochorwa. Juu ya hilo, maabara nyingi hutumia mipaka iliyokuja na mashine, na watu waliopimwa kuipata mara nyingi si wa huku kwetu. Kwa nutrofili, hilo lina uzito. Imejulikana kwa miaka mingi kwamba watu wengi wenye asili ya Afrika, wakiwa na afya njema kabisa, wana nutrofili chache katika damu inayozunguka kuliko Wazungu. Utafiti uliofanywa Kericho na kuchapishwa 2008 ulitafuta mipaka ya watu wa huko, ukaona nutrofili zao ziko chini ya zile za mipaka ya Marekani. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo imehusishwa na jeni ya kundi la damu la Duffy: wengi wetu hatuna Duffy juu ya seli nyekundu, hali ambayo tangu 1976 inajulikana kuwa kinga dhidi ya malaria ya aina ya vivaksi.

Kwa hiyo, wanasema hawa, ukimpa msichana wa Nairobi L tatu bila kumwambia hayo umemdanganya kwa kunyamaza. Na sheria nayo iko upande wa mgonjwa: Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mhudumu ampe mtu taarifa za afya yake kwa lugha anayoielewa. Herufi L si lugha.

Nakubaliana nao karibu mpaka mwisho. Ninapoachana nao ni pale wanapomalizia kwa sentensi ambayo nimeisikia mara nyingi: "Hiyo ni kawaida yetu Waafrika, usijali." Sentensi hiyo nayo ni utambuzi wa ugonjwa, ila umegeuzwa upande. Nutrofili 1,300 huonekana kwa mtu mwenye afya mwenye Duffy hasi. Huonekana pia kwa mtu aliyetoka kwenye homa ya virusi wiki iliyopita, kwa anayetumia dawa fulani, kwa aliyepungukiwa vitamini B12, na kwa anayeishi na VVU bila kujua. Mstari wa NEU# unafanana kwa wote. Ukimtuliza mmoja kwa ujuzi unaowahusu wengi, umemchagulia jibu ambalo karatasi haikulitoa, na ubaya wa kutuliza ni kwamba mtu anaacha kurudi. Mwenye wasiwasi angalau atafika kliniki.

Mpaka ninaouona mimi, basi, haupiti kati ya kusema machache na kusema mengi. Unapita kati ya kueleza kipimo na kumweleza mtu. Mpaka wa rejea umetoka wapi, asilimia na idadi zinahusianaje, kipimo kinapima nini na hakipimi nini: hayo yote ni ya kipimo, na anayeyajua ayaseme. Kwamba wewe ni mmoja wa wale wenye nutrofili chache kwa asili, au mmoja wa wale wengine, hilo ni lako na daktari wako. Sikatai kwamba mstari huo ni mwembamba. Nikishakueleza habari za Kericho, utajitabiria mwenyewe nusu ya jibu kabla hujamaliza kusoma. Ndiyo maana naona afadhali ujuzi huo uufanye swali la kupeleka kliniki.

Ningekuwa nakuandikia maelezo ya kubandika nyuma ya ripoti, yangekuwa haya: "Siku ya kupimwa, seli nyeupe zilikuwa chini kidogo ya mpaka wa maabara hii, na upungufu huo umetokana hasa na nutrofili. Limfositi zimo ndani ya mpaka. Asilimia yake imeonekana kubwa kwa sababu nutrofili ni chache. Ripoti haisemi sababu, wala haisemi kama hali hii ni mpya." Hiyo ya mwisho ndiyo watu huiacha, wakidhani ni kujaza nafasi. Kumbe ndiyo inayombana rafiki yako na yule wa "usijali" kwa pamoja.

Kliniki nenda na hemogramu yoyote ya zamani, hata ya miaka mitano nyuma. Kama uliwahi kujifungua au kulazwa, huenda ulipimwa. NEU# ya 1.4 mwaka 2019 na 1.3 leo ni habari tofauti sana na 4.5 kisha 1.3, na tofauti hiyo daktari hawezi kuisoma kwenye karatasi uliyo nayo. Mtajie dawa zote ulizotumia mwezi huu, za duka na za mitishamba, na homa au mafua yoyote ya karibuni. Muulize mipaka ya maabara hii ilitokana na watu gani, na kama kuna haja ya kurudia kipimo baada ya wiki chache. Nutrofili hupanda na kushuka hata ndani ya siku moja, na mazoezi peke yake huzipandisha.

Kipimo cha VVU, ukikitaka, omba hichohicho kwa jina lake. Usijaribu kukisoma kwenye hemogramu, na usikubali mtu akusomee humo. Na ukipata homa kabla ya siku ya miadi, usiisubiri wiki ijayo. Nenda siku hiyohiyo na ripoti mkononi, uonyeshe mstari wa NEU# kabla ya kingine chochote.