Kriatini na upara: asilimia 56 ilitoka wapi?

"Je, ni kweli kuna utafiti ulioonyesha kwamba kriatini inaleta upara?"

Utafiti unaotajwa kuhusu kriatini, kirutubisho cha ziada kinachopendwa na wanaonyanyua vyuma, ulichapishwa mwaka 2009 nchini Afrika Kusini, na haukupima hata unywele mmoja. Ulipima damu ya vijana 20 wacheza raga ili kuona kiwango cha DHT, homoni inayohusishwa na upara kwa wanaume waliorithi mwelekeo huo. Baada ya siku 7 za gramu 25 kwa siku, DHT ilipanda kwa asilimia 56. Baada ya siku nyingine 14 za gramu 5, ilikuwa bado juu kwa asilimia 40.

Wengi huutupilia mbali kwa sababu watu 20 ni wachache, na hapo naona wanauonea. Kila kijana alipita awamu ya kriatini na awamu ya plasebo, yaani kinywaji cha kulinganishia kisicho na kriatini, huku wiki 6 zikiachwa katikati ili misuli irudie hali yake, kwa hiyo alilinganishwa na nafsi yake mwenyewe. Plasebo ilikuwa glukosi, na kriatini nayo ilichanganywa na glukosi, hivyo ni vigumu kuisingizia sukari. Isitoshe, anayehisi kwamba amekunywa kriatini anaweza kujikaza zaidi anaponyanyua chuma, lakini hawezi kujikaza ili homoni ipande.

Tatizo limejificha mahali ambapo wasomaji wengi hawafiki, yaani katika jedwali la viwango vya kuanzia. Awamu ya kriatini ilianza na DHT ya wastani wa 0.98, ilhali ya plasebo ilianza na 1.26. Kutoka 0.98 kriatini ilifika 1.53, na hiyo ndiyo asilimia 56. Lakini ukipima 1.53 hiyo hiyo dhidi ya 1.26, ongezeko ni takriban asilimia 21 tu. Katika sampuli ndogo, pengo la bahati nasibu mwanzoni linaweza kukuza matokeo namna hii. Hata hivyo halielezi kila kitu, kwa kuwa katika awamu ya plasebo homoni ilishuka hadi 1.09, na tofauti hiyo inastahili kuchunguzwa upya. Viwango vyote vilibaki ndani ya kawaida.

Uchunguzi wa aina hiyo ulichapishwa mwaka 2025: wanaume 45 wenye mazoea ya kunyanyua vyuma, gramu 5 kwa siku kwa wiki 12, na safari hii nywele zenyewe zilipimwa. Haikuonekana tofauti kati ya kriatini na plasebo, si katika DHT wala katika nywele. Ushahidi huu nauamini zaidi, ingawa nao una mipaka: upara huchukua miaka kujitokeza, dozi kubwa ya wiki ya kwanza haikurudiwa, na washiriki hawakuteuliwa miongoni mwa watu ambao tayari wameanza kupoteza nywele, ilhali hao ndio wenye wasiwasi zaidi.